Kushuku kwamba simu ni ya wizi, kisha ukanunua

Wengi huamini kwamba kesi ya kupatikana na mali ya wizi huishia kwenye swali moja: ulijua au hukujua? Ndiyo maana mnunuzi akitajiwa bei ya kutupa hujizuia kuuliza maswali. Asichokijua, anawaza, hakiwezi kumfunga. Kwa sheria ya Kenya amekosea, na kwa maoni yangu ni vyema kwamba amekosea.

Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamshika mtu anayepokea mali, au anayeendelea kukaa nayo, bila uaminifu, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa. Kifungo kinaweza kufika miaka 14. Uingereza ina kifungu kinachofanana sana na hiki katika sheria yake ya wizi ya 1968, ila kule ni lazima mshtakiwa awe alijua au aliamini. Katika kesi ya Hall ya 1985, mahakama ilieleza kuamini huko kuwa ni hali ya mtu anayejiambia: siwezi kusema nina hakika, lakini kwa yote niliyoyaona, hakuna jibu jingine la maana. Kushuku peke yake hakumtii mtu hatiani kule, hata kama alifumba macho makusudi.

Kwetu, maneno "sababu ya kuamini" yanamfanya hakimu aangalie zaidi yale aliyoyaona mnunuzi kuliko yale anayodai yalikuwa moyoni mwake. Chukua mfano. Kijana anakuletea simu jioni, nje ya duka lako. Simu za aina hiyo zilizotumika huuzwa shilingi 30,000. Yeye anataka 8,000. Haina chaja wala kisanduku. Imefungwa kwa nywila, naye hajui kuifungua, anasema ni ya binamu yake. Ukiuliza risiti, iko nyumbani. Ukitaka kumlipa kwa M-Pesa anakataa, anataka pesa taslimu. (Bila shaka anataka taslimu. M-Pesa ingekuonyesha jina lake na kukuachia ujumbe wa kuonyesha polisi.) Unanunua.

Kizimbani utasema ulishuku kidogo tu, na huenda ni kweli. Hakimu, hata hivyo, ataupima ushuhuda mzima: muuzaji asiyeweza kufungua simu anayodai ni ya nduguye, anayekimbia malipo yenye jina, na bei isiyofika hata theluthi. Kwa pamoja mambo hayo ni sababu ya kuamini. Wewe uliyaona yote na hukufanya lolote kuondoa shaka.

Wasiwasi wangu uko kwenye kesi nyembamba zaidi. Bei ya chini peke yake isitoshe. Watu huuza kwa hasara kwa sababu ya karo, mgonjwa au kodi ya nyumba, na mnunuzi wa mtumba hana kazi ya upelelezi. Hatari inakuja pale mahakama zinapotumia kanuni ya kupatikana na mali iliyoibwa karibuni: mali ikitambuliwa kuwa ya mlalamishi, ikathibitishwa kuwa iliibwa kwake siku chache zilizopita, na ikakutwa mikononi mwako, unatarajiwa kueleza ulivyoipata. Hapo si wachache wanaosahau kwamba mzigo wa kuthibitisha bado ni wa upande wa mashtaka. Maelezo yako hayahitaji kuthibitishwa kuwa kweli. Inatosha yaweze kuwa kweli kwa namna ya kuridhisha. Mtu aliyelipa kwa M-Pesa, akabonyeza *#06# na kulinganisha nambari ya IMEI na ile ya kisanduku, akachukua nakala ya kitambulisho cha muuzaji, ana maelezo ya aina hiyo hata kama simu ilikuwa ya wizi.

Jambo linalowashtua watu zaidi ni neno "kukaa nayo". Unaweza kununua kwa moyo safi mwezi wa kwanza, kisha mwezi wa pili ukapigiwa simu na mwenye mali anayekutajia IMEI na mkwaruzo ulioko nyuma ya kioo cha kamera. Tangu hapo unayo sababu ya kuamini. Ukizima laini na kuendelea kuitumia, au ukaiuza haraka kwa mwingine, ununuzi wako wa awali wa halali hautakuokoa. Ipeleke kituo cha polisi, eleza ulivyoipata na uondoke na nambari ya OB. Pesa zako hutazidai kwa mwenye simu, kwa sababu mwizi hakuwa na umiliki wa kukuuzia; utazidai kwa aliyekuuzia, kama ulijali kujua ni nani.