Paneli za sola juu ya bati: kufunga kwenye bati lenyewe au kwenye papi?

Mafundi wanaofunga paneli za sola juu ya paa la mabati wamegawanyika katika jambo moja. Wengine hufunga reli fupi za alumini moja kwa moja kwenye mgongo wa bati, kila reli kwa skrubu nne fupi zisizofika kwenye mbao. Wengine husema mguu wa reli lazima upitishiwe skrubu ndefu hadi kwenye papi, yaani mbao au chuma kilicholazwa chini ya bati kulibeba. Kila upande una hoja nzuri, na kila upande una jambo unalolisahau.

Wa reli fupi wanasema kazi yao haivuji, na mara nyingi ni kweli. Skrubu ni fupi, chini ya reli kuna utepe wa mpira, na mashimo yote yako juu ya mgongo ambako maji hayatuami. Reli ikiwa fupi pia haisumbuliwi na jua. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma: reli ya mita 6 ikipata joto la nyuzi 50 zaidi huongezeka kama milimita 7, ilhali bati la urefu huo huongezeka kama milimita 3.6. Tofauti hiyo husukuma skrubu huku na huku kila siku hadi tundu linapanuka. Reli ya sentimita 30 au 40 haina shida hiyo.

Udhaifu wao ni kwamba mzigo wote unashikwa na unene wa bati. Bati la geji 30 lina takribani milimita 0.3, na hapo skrubu ina mzunguko mmoja tu wa meno wa kushika. Watengenezaji wengi wa reli hizi hutaka bati nene kuliko hilo, na sharti hilo limo katika maelekezo yao. Kwa hiyo njia hii inafaa bati nene lililofungwa imara juu ya papi za chuma. Kwenye bati jembamba la nyumba ya kawaida, mimi siikubali.

Wa papi wana nguvu zaidi, lakini huko ndiko uvujaji mwingi hutokea, na sababu yake hueleweka vibaya. Kati ya mgongo wa bati na papi kuna nafasi tupu, kwenye bati la migongo mirefu hata sentimita 3 au 4. Fundi akikaza skrubu ya kawaida kwa nguvu, mgongo unabonyea, maji yanajikusanya kwenye kibonyeo, na washa ya mpira inakaa ndani ya dimbwi dogo. Fundi huyo huyo akiogopa uvujaji hupaka silikoni juu ya kichwa cha skrubu. Silikoni yenye harufu kali kama ya siki hula zinki ya bati, na baada ya muda huachia.

Dawa ni kuzuia mgongo usibonyee. Kama dari inafikika, kipande cha mbao chenye kimo cha mgongo huwekwa kati ya bati na papi. Kama haifikiki, tumia parafujo yenye meno ya mbao upande mmoja na meno ya nati upande mwingine: inazama kwenye papi hadi mwisho, kisha nati ya juu inakandamiza mpira taratibu bila kuvuta bati chini. Mpira ukitokeza kidogo kuzunguka washa, umefika. Ukijikunja na kupasuka, umepita. Vumbi la chuma la kutoboa lifagiliwe siku hiyo hiyo, maana likilala usiku kwenye umande hutia kutu hata bati jipya.

Kuhusu uzito, watu huogopa jambo ambalo si hatari kubwa. Tuchukue paneli 8, kila moja takribani mita 1.9 kwa 1.13 na kilo 23. Pamoja na reli na vibano ni kama kilo 215 juu ya mita 17 za mraba, yaani kilo 13 hivi kwa kila mita ya mraba. Fundi mmoja akisimama juu ya papi huweka uzito mkubwa zaidi mahali pamoja. Anayeonya ana haki kwa sababu nyingine: fundi hushuka, paneli hazishuki, na mbao inayobebeshwa mzigo miaka mingi hupinda polepole. Papi ambayo tayari imelegea katikati haifai kuongezewa kitu. Vuta uzi chini ya papi kutoka kenchi hadi kenchi, zile fremu zinazobeba papi, uone imepinda kiasi gani; ikipita milimita 6 kwenye nafasi ya mita 1.2, ongeza papi au ibadilishe. Kisha choma mbao kwa ncha ya bisibisi karibu na misumari, hasa pale palipowahi kulowa. Ikizama kirahisi, hapo pana mchwa au uozo.

Hatari kubwa ni upepo unaovuta juu. Upepo wa mita 35 kwa sekunde una msukumo wa karibu kilo 75 kwa mita ya mraba, na mvuto juu ya paa unaweza kufikia kiasi hicho. Kwenye kingo na karibu na kilele unaweza hata kuongezeka maradufu. Kwa paneli zetu 8 ni kama kilo 1,275 kwenda juu. Toa uzito wake wenyewe, zinabaki kama kilo 1,060.

Sasa fuata mzigo huo unakoshukia. Paneli zikipangwa safu mbili za nne nne, kuna reli nne, na kila reli imelala sambamba na papi moja. Mvuto ambao zamani uligawanywa na skrubu nyingi za bati kwenye papi zote sasa unabebwa na papi nne, kila moja kama kilo 265. Kenchi zikiwa kila mita 1.2, kila kiungo cha papi na kenchi kinavutwa kwa kilo 65 na zaidi. Kiungo hicho mara nyingi ni misumari iliyopigwa kutoka juu, inayovutwa kufuata urefu wake, inayoshikwa na msuguano tu. Mbao ikikauka msuguano unapungua.

Ndiyo maana hoja ya kwamba skrubu imefika kwenye papi hainiridhishi peke yake. Papi ifungwe kwenye kenchi kwa ukanda wa chuma unaopita juu yake na kupigiliwa misumari ubavuni mwa kenchi pande zote mbili, ili misumari ivutwe kwa ubavu badala ya kuchomolewa. Pia inawezekana kulaza reli kufuata mteremko, paneli zikalazwa upande wao mrefu ukifuata papi, ili kila reli ikatize papi nne au tano na miguu ipishane. Hutumia miguu mingi zaidi na mashimo mengi zaidi, lakini hakuna papi moja inayobebeshwa safu nzima. Vyovyote vile, acha angalau nusu mita kutoka ukingo.

Kabla ya kupandisha paneli, mwagia maji kwa mpira, ukianza na safu ya miguu ya chini na kupanda, dakika kadhaa kila safu, huku mwingine yuko darini na tochi. Ukianzia juu maji hushuka yakalowesha kila kitu na hutajua tundu lipi linavuja. Na kama bati lina kutu kwenye mashimo ya zamani, libadilishwe sasa, kwa sababu ukishafunga paneli za miaka 25 hulifikii tena bila kuzishusha zote.