Kioo cha tinti kinachoma mkono: umepigwa au hujapigwa?

"Nimeweka vioo vya tinti sebuleni, upande wa magharibi, hapa Nzuguni, Dodoma. Fundi alisema nyumba itapoa. Mbona saa 10 jioni nikigusa kioo ni cha moto kuliko cha jirani kisicho na rangi? Nimepigwa?"

Hujapigwa, ila fundi alikusimulia nusu ya habari.

Jua likifika kwenye kioo hugawanyika mara tatu: sehemu inaakisiwa, sehemu inapita, sehemu inanyonywa. Kioo cheupe cha milimita 6 hupitisha takriban asilimia 78 na kunyonya 15. Cha tinti ya kijivu hupitisha kama 45, kinaakisi 5 tu, na 50 kinazimeza chenyewe. Kiganja chako kilikuta hizo 50. Tinti haifukuzi jua, inalikamata. Swali la maana ni joto hilo likishakamatwa linaelekea wapi.

Tuchukue jioni ya kawaida: jua la wati 700 kwa mita ya mraba ya kioo, nje nyuzi 30, ndani 28. Kioo kinanyonya wati 350 na kupanda joto hadi kinachotoka kilingane na kinachoingia. Kinatoa pande zote mbili, na kila upande kwa njia mbili: hewa inayokigusa, na mnururisho wake chenyewe kama jiko linavyokupasha usoni. Nje, kwa upepo wa wastani, njia hizo zikijumlishwa hutoa takriban wati 16 kwa kila nyuzi moja ya tofauti (hewa 10, mnururisho 6). Ndani hewa imetulia, kwa hiyo ni 3 na 6, jumla 9. Basi:

350 = 16(T − 30) + 9(T − 28)

T inatoka nyuzi 43. Nje zinakwenda kama wati 212, ndani zinaingia 138. Ongeza 315 zilizopita moja kwa moja, sebule yako inapokea wati 453 kwa kila mita ya mraba.

Kwa jirani, kioo kinanyonya 105 tu na kuishia nyuzi 33 na nusu. Mkono wake hauungui, lakini wati 546 zimepita na 49 zikafuata, jumla 595. Kochi lake ndilo linalopikwa, na kochi halimlalamikii mtu. Kwa hesabu hiyo fundi ana haki: umepunguza karibu robo ya joto.

Sasa upande wa pili, ambao mafundi wengi wa alumini hawausemi. Faida hiyo inabebwa na upepo. Ukitulia, au ukuta wa jirani ukiuziba, ile 10 ya nje inashuka hadi kama 4. Rudia hesabu: kioo kinafika nyuzi 47 na nusu, wati zinazoingia kutoka kwenye kioo zinakuwa 175, na jumla ya sebule ni 490. Dodoma tuna bahati ya upepo kuanzia Juni hadi Oktoba, lakini dirisha lililo kwenye kichochoro halina habari na bahati hiyo. Na anayekaa karibu na dirisha anahisi mnururisho wa kioo begani hata kama hewa ya chumba ni ya kawaida. Kwa huyo, lalamiko lako ni la kweli kabisa.

Lipo pia suala la kupasuka. Katikati kuna moto, kingo zimefichwa ndani ya fremu na ni baridi; kioo cha kawaida kikivutwa hivyo kinaweza kupasuka bila jiwe wala mpira wa mtoto. Utaujua ufa wa joto kwa sababu huanzia ukingoni ukiwa umenyooka kwa pembe mraba, kisha ndipo unapinda. Pazia zito lililogandana na kioo huzidisha hatari hiyo, maana linaufunga mlango wa joto wa ndani.

Kioo chenye utando wa kuakisi, tuseme kinaakisi 30, kinapitisha 30 na kunyonya 40, kingekuachia wati 322 kwa jioni ileile ya upepo. Ni bora, ila sebule inakuwa giza na utawasha taa saa 11. Mimi ningeacha vioo ulivyonavyo na kupanda mwarobaini mita chache kutoka dirishani. Jua la jioni liko chini mno kwa paa kulizuia, lakini majani yanalikamata huko nje, na joto lao linachukuliwa na hewa ya uani kabla halijagusa kioo. Ukisubiri ukue, funga kivuli cha makuti nje ya dirisha, kikae mbali kidogo na kioo ili hewa ipite katikati.