Namba ya Matangazo na Nyumba Unayolala

"Hao wa matangazo hawanijui jina, wanaona namba tu. Sasa hapo kuna ubaya gani?"

Anayesema hivi ana hoja. Namba ya matangazo, inayotambulisha simu yako kwa watangazaji, kwenye Android ni tarakimu na herufi 32 zilizopangwa kwa bahati nasibu, hazina jina wala namba ya NIDA. Ililetwa ichukue nafasi ya namba za kudumu za kifaa chenyewe, ambazo mwenyewe hawezi kuzifuta. Na ndiyo inayosaidia kulipia vya bure: kijana wa Ngamiani, Tanga, anafuatilia matokeo ya Coastal Union bila kulipa hata shilingi, kwa sababu kuna anayelipia tangazo lililo chini ya kioo.

Tatizo linakuja namba hiyo inapoandamana na lokesheni.

Tumchukue muuguzi wa kubuni anayelala Pongwe na kufanya kazi hospitali ya Bombo. Ana programu ya hali ya hewa aliyoiruhusu kusoma lokesheni, na mchezo wa karata ambao hakuuruhusu. Anapofungua programu ya hali ya hewa, nafasi ya tangazo inapelekwa mnadani, na ombi linaweza kubeba namba yake ya matangazo pamoja na mahali alipo. Wanunuzi wengi wanaliona kabla sekunde haijaisha. Anashinda mmoja, lakini hata walioshindwa wameshaona. Mchezo wa karata nao unatuma namba ileile. Kwa hiyo anayekusanya maombi hayo anajua mcheza karata huyu analala wapi, ingawa mchezo wenyewe haukuwahi kuruhusiwa kujua.

Sasa pima uzito wa "namba tu". Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wa nyendo za watu milioni 1.5 kwa miezi 15. Walikuta kwamba nukta nne za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote katika asilimia 95 ya watu hao. Nne! Tena hawakutumia GPS. Walitumia minara ya simu, ambayo mmoja unaweza kufunika mtaa mzima, na muda uliokadiriwa kwa saa nzima. Ni kweli kwamba kumtofautisha mtu si kumtaja jina. Lazima awepo anayejua kitu kingine juu yake. Lakini mtu huyo hakosekani. Jirani anajua simu ya nyumba ile inatoka saa 11 alfajiri kwenda Bombo. Akiwa na nukta hizo, atajua pia inakwenda wapi kila mwezi, iwe ni kliniki ya CTC au kwa mkopeshaji. Mwaka 2021, Marekani, kiongozi wa kanisa alijiuzulu baada ya chombo cha habari kupata data za aina hii na kuzilinganisha na makazi yake na mahali pa kazi. Jina lake halikuwamo kwenye data.

GPS nayo hukosea, hasa ndani ya majengo au pale nyumba zinapobanana, na nukta moja haithibitishi chumba cha mtu. Nukta za usiku thelathini ni habari nyingine.

Ndiyo maana kubadilisha namba hakutoshi. Namba mpya ikilala Pongwe na kuamkia Bombo, inaunganishwa na ya zamani bila taabu. Ni afadhali kuifuta: fungua `Settings`, kisha `Google`, `Ads`, halafu `Delete advertising ID`. Kwenye simu nyingine njia hupitia `Privacy`. Baada ya hapo programu ikiomba namba inapewa sifuri tupu, na ukirudi ukurasa uleule utaona unapewa nafasi ya kuchukua namba mpya. Usiichukue. Kwenye iPhone, tangu toleo la 14.5 la mwaka 2021, programu lazima ikuombe kwanza ruhusa ya kukufuatilia; kuzikatalia zote, zima `Allow Apps to Request to Track`.

Kisha rudi kwenye lokesheni. Programu ya hali ya hewa haihitaji kujua mlango wako. Kuanzia Android 12 unaweza kuzima `Use precise location`, ikabaki kukadiria eneo la kama kilomita tatu za mraba, na mvua ya Tanga itatabiriwa vilevile. Programu ya kuitia bodaboda iachie lokesheni kamili, ila wakati unaitumia tu. Kutafuta simu iliyopotea hakutegemei namba ya matangazo, basi hofu hiyo isikuzuie kuifuta. Kumbukumbu ya safari ya Google, `Timeline`, nayo ni kitu kingine: kuifunga hakugusi namba ya matangazo.

Matangazo hayatapungua, yatakuwa tu hayakulengi sana. Na pale ulipojisajili kwa namba yako ya simu, sifuri hizo hazikufichi, maana namba ya simu yenyewe inafanya kazi ileile ya kuunganisha. Programu za mikopo ndizo za kuangalia kwanza.