Punguzo la Asilimia 10 Ambalo Kumbe Lilikuwa la 16

Septemba 2025, kampuni moja ya hapa Mwanza iliniomba niwasahihishie Kiswahili cha tangazo fupi kwa wakandarasi wake, ambao ni wenye magari ya kubeba sangara kutoka mwalo wa Nkome, upande wa Geita, hadi kiwandani. Tangazo lilisema hivi: “Kutokana na kufunguliwa kwa Daraja la J.P. Magufuli, viwango vya usafirishaji vitarekebishwa kwa asilimia 10 kuanzia mwezi ujao.” Kosa la tahajia sikuliona hata moja. Hata hivyo, hakuna mwenye gari ambaye angeweza kulisoma na kujua atalipwa shilingi ngapi.

Kwanza, neno “vitarekebishwa” halisemi kama malipo yanapanda au yanashuka, na nadhani ndiyo sababu lilipendwa. Anayepunguza malipo na aandike kuwa amepunguza.

Shida kubwa ilikuwa kwenye hiyo asilimia 10. Kwa mujibu wa mkataba, kila safari ililipwa shilingi 400,000, na juu yake nyongeza ya 30,000 kwa ajili ya kusubiri kivuko kati ya Kigongo na Busisi, jumla 430,000. Ukikata asilimia 10 ya jumla, zinabaki 387,000. Ukikata kwenye 400,000 peke yake na kuiacha nyongeza, zinabaki 390,000. Nilipomuuliza meneja ni ipi kati ya hizo, alinijibu kuwa si hii wala ile: kwa kuwa magari sasa yanapita darajani tangu Juni, nyongeza inafutwa yote, na kiwango kipya ni 360,000. Kwa maneno mengine, mwenye gari anapoteza shilingi 70,000 kwa kila safari, ambazo ni zaidi kidogo ya asilimia 16 ya alichokuwa akipokea.

Sipingi kufutwa kwa nyongeza, kwa maana malipo ya kusubiri kivuko hayana hoja pale ambapo hakuna anayesubiri. Lakini daraja linaeleza zile 30,000 tu. Zile 40,000 nyingine ni uamuzi wa kampuni kutaka sehemu ya nafuu ambayo mwenye gari ameipata kwa kumaliza safari mapema, na uamuzi huo ulistahili sentensi yake wenyewe, usijifiche nyuma ya nguzo za daraja.

Kisha ikaja “mwezi ujao”. Magari haya hupakia usiku ili samaki wafike barafu ikiwa bado haijayeyuka. Gari lililopakia Nkome saa 4 usiku tarehe 30 Septemba na kupimwa kiwandani alfajiri ya tarehe 1 Oktoba linalipwa kiwango kipi? Na ankara za Agosti ambazo mhasibu hajazilipa, je? Isitoshe, kwetu “usiku wa Jumatano” kwa mmoja ni ule unaofuata mchana wa Jumatano, na kwa mwingine, hasa mzee, ni ule unaotangulia. Kwa hiyo tarehe peke yake haitoshi. Lazima iandamane na tukio linaloacha alama kwenye karatasi. Nilichagua saa ya kumaliza kupakia, kwa sababu huandikwa kwenye hati ya mzigo na kusainiwa na pande zote mbili palepale mwaloni.

Niliomba pia siku isogezwe mbele. Tangazo lilikuwa la tarehe 16 Septemba, na wengi wa wenye magari wanalipa marejesho ya mkopo kila mwezi; wiki mbili hazimtoshi mtu kuzungumza na benki wala kutafuta mzigo mwingine. Hatimaye tuliandika hivi:

“Tumepunguza malipo ya safari ya Nkome–Mwanza kutoka shilingi 430,000 hadi shilingi 360,000, kabla ya kodi ya zuio. Kati ya shilingi 70,000 zilizopungua, 30,000 ni nyongeza ya kusubiri kivuko, ambayo imefutwa, na 40,000 ni punguzo la kiwango cha msingi. Kiwango kipya kinahusu mizigo itakayomalizika kupakiwa kuanzia saa 6:00 usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 1 Novemba 2025. Mizigo iliyomalizika kupakiwa kabla ya saa hiyo italipwa kiwango cha zamani, hata kama ankara yake italetwa baadaye. Asiyekubali atujulishe kwa maandishi kabla ya tarehe 15 Oktoba.”

Kuhusu sentensi ya mwisho niliipa kampuni sharti moja: ukimya usihesabiwe kuwa ni kukubali. Mkataba ni wa watu wawili, na mmoja hawezi kuubadili kwa kubandika karatasi ukutani; hivyo chini ya tangazo iliongezwa nafasi ya saini ya mwenye gari.

Meneja alikubali yote isipokuwa mstari wa zile 70,000, ambao alisema unaonekana vibaya. Nikamwambia kwamba mwenye gari hahitaji mstari huo ili kutoa 360,000 kwenye 430,000. Akanyamaza kidogo, kisha akauacha.