Wekeni pini chini

Mtoto wa jirani yangu hapa Bugiri, Uganda, alianza kutembea kwa visigino. Ana miaka sita, hana viatu. Mama yake, ambaye huwa tunaongea naye Kiswahili kwa kuwa alikulia Busia, mpakani na Kenya, alidhani ni fangasi. Nikamkalisha mtoto juani nikampanua vidole. Pembeni ya kidole cha mwisho palikuwa na uvimbe mweupe kama punje ya hindi bichi, katikati kitone cheusi. Fangasi haina kitone hicho. Kile ni kitako cha funza jike, kimebaki nje ili apumue na kutaga mayai. Mwili wote uko ndani ya ngozi, na kwa wiki mbili hivi huvimba hadi kukaribia sentimita moja.

Mama alikuwa ameshika pini, ileile aliyomtolea dada mtu asubuhi.

"Mama, iweke kwanza," nikamwambia.

Najua pini ndiyo tuliyolelewa nayo, na sitaki kumlaumu mtu. Lakini ikipasua ule mfuko, mabaki ya funza husalia ndani na kuoza, na tundu hubaki wazi kwenye mguu unaokanyaga vumbi na mavi ya mifugo. Hapo ndipo vijidudu vya pepopunda huingia. Na pini inayozunguka watoto watatu inaweza kubeba homa ya ini na hata virusi vya Ukimwi.

Tuliosha mguu kwa sabuni, tukaukausha. Nilikuwa na mafuta mepesi ya dimetikoni. Hatukupaka mguu mzima, tulidondoshea juu ya kile kitone, tukangoja dakika kumi, tukarudia. Mafuta hupenya kwenye matundu ya kupumulia, funza akafa bila kuchokolewa. Baada ya siku kadhaa uvimbe ulisinyaa, ukawa gamba jeusi. Ubaya ni kwamba mafuta haya hayapatikani kwenye kila duka la dawa, na hilo linaniumiza.

Kidole gumba kilikuwa kibaya zaidi: usaha, kucha imeinuka, wekundu umepanda hadi juu ya mguu. Hapo mafuta hayatoshi. Mama alimpeleka kituo cha afya, akapewa antibiotiki na sindano ya pepopunda. Nilimwambia pia kwamba taya likikaza au shingo ikiwa ngumu, asingoje hata usiku uishe.

Wiki nne baadaye, vitone viwili vipya. Mtoto alilala sakafu ileile ya udongo. Mayai huanguka pale, viluwiluwi hukulia kwenye vumbi kavu, na baada ya wiki tatu au nne funza wapya huruka. Nguruwe wao hulala nyuma ya ukuta huohuo, naye miguu yake imejaa funza. Sasa banda limesogezwa, mama ananyunyiza maji kabla ya kufagia, na Jumamosi tunasiriba sakafu upya. Nguruwe bado hatujamtibu.