Maneno 3,000 kabla ya DELF B2: kadi zinasaidia wapi, zinaishia wapi

Mtahiniwa wa DELF B2, mtihani wa Kifaransa wa ngazi ya juu ya kati, huanza na hesabu inayovutia: miezi mitano, maneno mapya 20 kwa siku, jumla 3,000. Programu ya Anki, inayokuuliza maneno kwa kadi, nayo imepangwa hivyo, kadi mpya 20 kwa siku usipobadilisha.

Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha polepole. Kwa hiyo neno ulilolikumbuka leo linaulizwa tena baada ya siku chache, halafu wiki, halafu mwezi, na muda wako unakwenda kwa maneno yanayoponyoka. Kwa kuelewa makala ya gazeti, sijaona njia inayolipa zaidi kwa nusu saa ya kila siku.

Tatizo la kwanza ni deni. Baada ya wiki kadhaa, maneno 20 mapya huzaa marudio 140 hadi 200 kwa siku. Ukiruka siku tatu, unakuta kadi zinazokaribia 600 zinakusubiri. Hapo ndipo watu huanza kubonyeza «Good» bila kukumbuka, na ratiba inawaamini. Dalili yake ni kwamba neno unalijua kwenye kadi, lakini ukilikuta gazetini unakwama.

La pili ni zito zaidi. DELF B2 ina sehemu nne za alama 25 kila moja. Unafaulu kwa 50, mradi usipate chini ya 5 popote. Nusu ya alama zote ni za kuandika na kuzungumza. Kadi inayokuonyesha «mesure» na kukuuliza maana yake haikuandai kwa barua ya kudai haki, kwa sababu hapo unahitaji «prendre des mesures», yaani kuchukua hatua. Ukiandika «faire des mesures», umesema unapima vitu. Kadi inayofaa ni ile yenye pengo: «Le maire doit ___ des mesures contre le bruit», nawe unajaza kitenzi. Vivyo hivyo katika kusikiliza: «ils ont» na «ils sont» hutofautishwa na sauti z na s tu, na kadi isiyo na sauti haikufundishi hilo.

Kwa anayejua Kiingereza, msimamo wangu ni kupunguza idadi. «Gouvernement» na «information» hayahitaji kadi, na orodha za maneno 3,000 zimejaa mfano huo. Ningechukua 10 kwa siku kwa miezi minne, yote kutoka makala niliyosoma, kila moja ndani ya sentensi yake na sauti yake. Mwenye msamiati mdogo sana anaweza kuhitaji 20 kwa miezi miwili ya kwanza, kwani bila maneno hata makala zenyewe hazisomeki. Mwezi wa mwisho kadi mpya zisimame kabisa, marudio yaendelee, na muda uliobaki uende kwenye kuandika barua za maneno 250 kwa saa moja.