Mti wa kutilia shaka ni ule ulioshika majani makavu

Kuanzia Julai hadi Septemba, miombo inayozunguka Tabora, ukielekea Sikonge au Urambo, hubaki matawi matupu, na hapo ndipo husikika sana kauli ya "huu umeshakufa, tuufanye kuni". Mimi naona kauli hiyo imeua miti mingi mizima, na kosa linaanzia kwenye namna tunavyolielewa jani.

Jani hutengeneza chakula kwa maji yanayopanda kutoka mizizini na hewa ya ukaa inayoingia kupitia vitundu vidogo mno, ambavyo kwa miti mingi viko upande wa chini wa jani. Umbijani, yaani ile rangi ya kijani, hunasa mwanga wa jua. Nguvu ya mwanga hupasua maji, oksijeni hutoka nje, na kinachobaki huunganishwa na hewa ya ukaa kuwa sukari. Shuleni tuliandikiwa mlinganyo huu:

6CO2 + 6H2O → C6H12O6 + 6O2

Ni sahihi, ila unaficha gharama. Ukiusoma utadhani mti unatumia maji kidogo tu. Lakini hewa ya ukaa ni kama asilimia 0.04 tu ya hewa yote, kwa hiyo vitundu lazima vikae wazi muda mrefu kuipata, na muda wote huo mvuke wa maji unatorokea mlango uleule. Kwa mti kama mninga, molekuli moja ya hewa ya ukaa inayonaswa hugharimu mamia ya molekuli za maji.

Januari mti unamudu, kwa sababu udongo umelowa. Mvua zikishakatika, kwa kawaida kati ya Aprili na Mei, udongo wa juu hukauka na hewa yenyewe huanza kunyonya unyevu. Mti ukifunga vitundu, sukari haitengenezwi, na jani bado linakula akiba ili liishi. Ukiviacha wazi, mti unakauka kweli. Mninga huchagua njia ya tatu: unaliachia jani.

Hauliachii ovyo. Kwanza hubomoa umbijani na protini za jani, na sehemu kubwa ya nitrojeni na fosforasi hurudishwa kwenye matawi kabla jani halijadondoka. Kijani kikiondoka, unaonekana umanjano uliokuwamo tangu mwanzo ukiwa umefunikwa. Kisha kwenye kiungo cha kikonyo na tawi, tabaka jembamba la seli hulegea, na chini yake kovu huzibwa kwa kitu kama kizibo. Okota jani la mninga lililoanguka lenyewe utazame mwisho wa kikonyo: pamekatika safi, hapana nyuzi zilizochanika.

Kwa hiyo kupukutisha ni kazi ya mti ulio hai. Kata tawi lenye majani mabichi mwezi wa tano ulitupe pembeni: majani yatakauka yawe kahawia na mengi yataendelea kuning'inia, kwa kuwa tawi lililokufa haliwezi kujenga lile tabaka la kuachia. Ndiyo maana katika msitu wa Agosti, wa kutiliwa shaka ni mti ulioshika majani makavu ya kahawia. Ule mtupu umelala tu.

Ukitaka uhakika, kwangua gamba la kijiti kwa ukucha au ncha ya kisu. Ukikuta kijani na unyevu, ni mzima. Ukikuta kahawia kavu, shuka kwenye tawi nene, kisha shinani, maana ncha hufa mara nyingi na mti ukabaki. Na usitoe hukumu kabla ya Desemba.

Septemba na Oktoba huleta kioja kingine. Mvua bado, ila mininga inachanua njano, na mitundu inatoa majani mekundu kama shaba, ambayo mgeni huyadhani yameungua. Mti unatumia wanga uliowekwa akiba na maji yaliyomo shinani au chini sana ardhini. Wekundu huo ni anthosianini, unaolikinga jani changa na jua kali wakati umbijani wake haujakamilika. Mwembe wa uani hufanya vivyo hivyo, ingawa wenyewe haupukutiki wote kwa pamoja.

Haya yote ni ya kiangazi. Mahindi yakigeuka manjano Februari mvua ikinyesha, usiseme ni msimu. Majani ya chini yakianza, umanjano ukishuka katikati ya jani kutoka nchani, mara nyingi ni upungufu wa nitrojeni. Yakianza machanga ya juu, yenye mistari ya kijani na njano, fikiria madini ya chuma au salfa. Na shamba likiwa limetuama maji, chimba uitazame mizizi kwanza kabla ya kununua mbolea.